Bando la GB 3 limeisha siku ya pili, na nilikuwa nachati tu. Nani anakula?

Kisiki
Wakuu, salaam. Tarehe 14 saa 10 jioni nilinunua bando la GB 3 la wiki. Tarehe 16 asubuhi naamka, ujumbe unaniambia kifurushi kimekwisha. Si hivyo tu, na salio la kawaida nililokuwa nimeliacha kwa ajili ya kupiga simu nalo limebaki senti.

Mimi si mtu wa kuangalia filamu mtandaoni. Nachati, nasoma habari, basi. Bando kama hili huwa linanifikisha siku ya sita na MB zinabaki. Nimeingia kwenye simu nikaona orodha ya matumizi, jumla inasema GB 4.10. Sasa nimenunua 3, simu inasema 4.10, kampuni inasema zimeisha. Hesabu gani hii? Mimi naona tunaibiwa mchana kweupe. Mwenye ufahamu aje.

Mchokozi
"Nachati tu." Kila anayelia bando anachati tu. Video za kucheka wanaangalia majirani.

Mlachumvi
Pole mkuu. Tatizo ni 4G. Ukiwa kwenye 4G simu inakula mara mbili au tatu ya 3G, hili nimelifanyia kazi kwangu. Irudishe simu 3G uone bando litakavyotulia. Wengi hawajui.

Tausi88
Futa picha na video za zamani. Mimi simu yangu ilikuwa na GB 64, zikaisha, nikafuta magrupu yote nikapata GB 20 zikarudi.

Mchokozi
Tausi, hizo ni GB za kuhifadhia vitu kwenye simu. Mwenzio analilia GB za mtandao. Ukifuta picha bando halirudi, ingekuwa hivyo mimi ningekuwa nafuta kila asubuhi.

Tausi88
Haya, nimeelewa. Ila simu yangu sasa iko nyepesi 😄

Fundi Minara
Kisiki, kabla ya wizi tuanze na hiyo 4.10. Orodha uliyoitazama haianzi siku uliyonunua bando. Simu nyingi za Android huanza kuhesabu tarehe 1 ya mwezi hadi tarehe 1 inayofuata, hazijui umenunua nini wala lini. Kwa hiyo umeangalia matumizi ya wiki mbili ukayalinganisha na bando la siku mbili. Lazima visikutane.

Fanya hivi. Ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, gusa laini yenyewe yenye bando (kama una laini mbili kila moja ina orodha yake, usichanganye), kisha matumizi ya data ya programu. Simu yenye menyu ya Kiingereza imeandika "App data usage". Humo kuna mpangilio wa mzunguko wa data, pale unabadilisha tarehe ya kuanza. Weka 14. Usiogope, haifuti kumbukumbu, inapanga upya tu zile zilizopo. Rudi kwenye orodha, leta jumla na programu tano za juu. Kisha gusa kila moja uone imegawanyika vipi, maana ndani yake kuna "Foreground" na "Background". Ya kwanza ni ulipokuwa umeifungua unaitazama. Ya pili ni ilipokuwa inajifanyia kazi yenyewe.

Mlachumvi, hapo kwenye 4G una nusu ya ukweli. Faili la MB 10 ni MB 10 kwenye 3G, 4G au 5G. Kinachobadilika ni video zinazojichagulia ubora. Mtandao ukiwa mzito inakuletea picha hafifu, ukiwa mwepesi inakupandishia. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde ni kama MB 450 kwa saa. Ikipanda hadi megabiti 5 ni zaidi ya GB 2 kwa saa ileile. Usipofungia ubora, kasi ndiyo inayochagua.

Mlachumvi
Kumbe ndiyo maana nikirudi 3G linakaa. Basi sikukosea, matokeo ni yale yale.

Fundi Minara
Matokeo kwa mtazamaji wa video, sawa. Kwa anayechati tu, 3G itampunguzia kasi na bando litaisha vilevile. Ndiyo maana nataka orodha yake kwanza.

Binti Sayari
Na mimi nisaidieni, japo yangu si bando. Salio la kawaida linapungua kila siku na data nimezima kabisa. Sipigi simu, nikiamka limepungua. Kampuni nikiwapigia wananiambia nisubiri.

Fundi Minara
Dada, omba taarifa ya matumizi ya wiki mbili. Kampuni nyingi zinayo kwenye programu yao au kwenye tovuti, nyingine utaipata dukani kwao. Ikija usisome jumla. Soma safu ya kiasi na safu ya saa. Kiasi kikiwa kilekile kila siku na saa zinakaribiana, hiyo ni huduma uliyosajiliwa: muziki wa mwito, habari, dondoo za afya, michezo ya bahati. Mbele yake mara nyingi utaona namba fupi ya tarakimu chache badala ya namba ya simu. Kiasi kikiwa kinabadilikabadilika, ni matumizi: simu, meseji au data.

Mzee Kobe
Kuna na ile ya kukopa salio. Mwanangu alikopa kwenye laini yangu, mimi sina habari, kila nikiweka vocha inakatwa juujuu. Nikamlaumu kila mtu isipokuwa yeye.

Binti Sayari
Asante Fundi. Mzee, mimi sina mtoto wa kumsingizia 😅 Naenda kuomba taarifa.

Kisiki
Nimerudi. Nimeweka 14 kama ulivyosema. Jumla sasa ni GB 2.61. Za juu:

Programu ya picha 0.97
Ya kuchati 0.88
Ya video 0.41
Kivinjari 0.19
Nyinginezo zote 0.16

Nimegusa ya picha: mbele 0.02, chinichini 0.95. Ya kuchati: mbele 0.36, chinichini 0.52.

Programu ya picha sikuifungua hata kidogo, labda mara moja kumwonyesha mtu kitu. Na bado nina swali: GB 3 toa 2.61, hizo 0.39 ziko wapi? Zaidi ya MB 390 zimeyeyuka. Huo ndio wizi niliousema.

Mchokozi
Ya video 0.41. Nimesema mimi.

Kisiki
Hiyo ni mpira dakika chache, acha wewe.

Jirani Mwema
Kisiki, swali dogo. Unasema bando kama hili huwa linakufikisha siku ya sita. Wiki hii umebadilisha nini? Simu mpya, laini mpya, umesafiri?

Kisiki
Hakuna. Simu ileile, laini ileile. Niko likizo tu nyumbani.

Jirani Mwema
Na kazini kuna Wi-Fi?

Kisiki
Ipo. Lakini huwa naitumia mara chache, mambo yangu nafanya na bando.

Jirani Mwema
Wewe unaitumia mara chache. Simu yako je? Ikishajiunga na Wi-Fi ya kazini inabaki imejiunga kutwa nzima mfukoni. Picha zinapandishwa kwenye akaunti, programu zinasasishwa, nakala za chati zinahifadhiwa, yote kwa gharama ya mwajiri. Sasa uko likizo na kazi zile bado zinataka kufanyika.

Fundi Minara
Jirani kaipiga palepale. Programu ya picha kula 0.95 chinichini bila kufunguliwa, mara nyingi huwa inapandisha picha na video kwenda kwenye seva. Watu husahau kwamba bando halihesabu unachopakua peke yake. Unachopandisha kinahesabiwa sawasawa.

Ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya kuhifadhi nakala, utafute palipoandikwa matumizi ya data ya simu. Kama pamewashwa, umempata mlaji wa kwanza. Halafu angalia ni folda zipi zinapandishwa. Kwa kawaida ni ya kamera tu, lakini wengi huwa wameongeza na folda ya picha za chati, labda simu iliwauliza siku moja wakakubali.

Folda hiyo ikiwemo, fuata safari ya video moja ya MB 16 kutoka kwenye grupu. Inapakuliwa yenyewe: MB 16. Inaingia kwenye galari, programu ya picha inaipandisha: 16 nyingine. Usiku programu ya kuchati inatengeneza nakala yake, na kama umeruhusu nakala ibebe video, inapandishwa tena: 16 za tatu. Hujaifungua hata kuitazama, MB 48 zimekwenda.

Tausi88
Mungu wangu. Na mimi niko kwenye magrupu 30.

Kisiki
Data ya simu imewashwa, kweli. Folda za chati ziko mbili, nazo zimewashwa. Sikumbuki kuziwasha mimi. Nimezima.

Lakini jambo la pili. Nimepata taarifa kutoka kwa kampuni. Kuna mstari huu: tarehe 15, 03:12, MB 512. Saa tisa usiku! Nilikuwa nimelala fofofo. MB 512 kwa dakika moja? Hata kama ni picha, haiwezekani.

Mlachumvi
03:12 ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi mkuu, ulikuwa macho.

Mzee Kobe
Saa tatu asubuhi ni 09:12, Mlachumvi. 03:12 ni saa tisa usiku, Kisiki kasoma sawa.

Mlachumvi
Hizi saa zao zitatuua.

Fundi Minara
Kisiki, mstari wa taarifa ya data si kama mstari wa simu. Simu inaanza na kuisha, muda wake unajulikana. Muunganisho wa data unaweza kukaa wazi usiku kucha, na mfumo wa kampuni hauandiki kila MB inapopita. Unajumlisha, kisha unafunga rekodi pale MB zikifika kiwango fulani, au muda fulani ukipita, au simu ikikatika mtandao. Mstari mmoja unaweza kubeba saa kadhaa, na kwenye taarifa nyingine saa inayoandikwa ni ya kufunguliwa, kwenye nyingine ya kufungwa. Kama ya kwako ni ya kufungwa, "03:12, MB 512" maana yake ni kwamba hadi 03:12 zilikuwa zimejikusanya 512.

Waulize kampuni ni saa ipi wanaandika. Hilo ni swali wanaloweza kukujibu, tofauti na "MB zangu ziko wapi".

Nyuzi
Kama una kompyuta unaweza kuona mwenyewe bila kuuliza mtu. Android huweka kumbukumbu ya kila programu kwa vipande vya saa mbili mbili, ila orodha ya kawaida haikuonyeshi. Washa hali ya msanidi programu kwenye simu, ruhusu utatuzi kwa waya, unganisha kwenye kompyuta yenye adb, ile programu ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta, kisha:

```
adb shell dumpsys netstats detail
```

Yatatoka maandishi mengi ya kutisha. Tafuta uid ya programu yako, ile namba ambayo Android huipa kila programu. Kwenye kila kipande, `st` ni muda wa kuanza kwa sekunde, `rb` ni baiti zilizoingia, `tb` ni baiti zilizotoka. Palipoandikwa `set=DEFAULT` ni chinichini, `set=FOREGROUND` ni mbele. Gawanya baiti kwa 1048576 upate MB. Usibadilishe kitu, unasoma tu.

Mchokozi
"Washa hali ya msanidi programu." Kisiki aliingia humu kuuliza bando, anatoka na shahada.

Kisiki
Mdogo wangu ana kompyuta, kanifanyia. Programu ya picha, usiku ule:

```
set=DEFAULT
st=1699992000 rb=9120442 rp=174020 tb=493187072 tp=352410 op=0
```

Anasema hiyo `st` kwa saa za hapa ni saa 5 usiku, kwa hiyo kipande ni saa 5 hadi saa 7 usiku. Zilizotoka kagawanya kapata MB 470. Zilizoingia hazifiki 9.

Nyuzi
Safi. Tazama uwiano: zimetoka 470, zimeingia chini ya 9. Mtu anayetazama kitu huwa na kinyume chake, zinaingia nyingi zinatoka kidogo. Hapo simu ilikuwa inapandisha tu, na hizo kidogo zilizoingia ni seva kuitikia "nimepokea, nimepokea". Ilikuwa kwenye chaji saa hizo?

Kisiki
Huwa naichomeka nikipanda kitandani, saa 5 hivi.

Jirani Mwema
Basi. Programu nyingi husubiri chaji ndipo zianze kazi nzito.

Fundi Minara
Na 470 za picha pamoja na za chati kidogo ndani ya saa zilezile zinaingia vizuri kwenye 512 iliyoandikwa 03:12. Sisemi ni uthibitisho, ila mstari wa kampuni na kumbukumbu ya simu havipingani tena. Usiku wa pili nao utaukuta umefanana, ndipo picha inafika 0.97.

Kisiki
Wa pili upo, mdogo wangu kasema MB 440 na kitu. Sawa, picha nakubali. Lakini 0.39 bado. Naona mnalipita.

Mlachumvi
Hapo ndipo wizi wenyewe ulipo. Wanajua hakuna atakayepima.

Fundi Minara
Hatulipiti. Sehemu yake ni vipimo. Kampuni inaweza kuhesabu GB 1 kuwa MB 1000, na simu ikahesabu kuwa MB 1024, na MB yenyewe vivyo hivyo. Kwa kipimo cha elfu, GB 3 ni baiti bilioni 3. Baiti bilioni 3 hizo simu inayohesabu kwa 1024 itaziandika 2.79. Hapo 0.21 imeelezeka bila mtu kuiba, ingawa inategemea kama kampuni yako inahesabu hivyo. Huwa imeandikwa kwenye masharti ya vifurushi.

Inabaki 2.79 dhidi ya 2.61, kama MB 180.

Nyuzi
Hizo 180 mimi nadhani ni pakiti zilizopotea njiani. Kampuni inahesabu kwenye lango lake, simu inahesabu kwenye mlango wake. Kitu kikipita langoni kikapotea kabla ya kufika kwako, kinatumwa tena. Kampuni kahesabu mara mbili, simu yako mara moja. Ukikaa mahali mtandao unakatikakatika pengo linakua.

Fundi Minara
Kwa kupandisha haiendi hivyo. Picha zilikuwa zinatoka kwenye simu. Kilichopotea hewani kikielekea kwao simu imekihesabu na lango halikukiona. Kwa nusu hiyo ya matumizi pengo lingekuwa upande wa pili, simu ndiyo ingesoma nyingi.

Nyuzi
Kweli, upande wa picha nimepitiwa. Lakini 0.88 ya chati na 0.41 ya mpira ni za kuingia.

Fundi Minara
Hizo 1.29 zingelazimika kupotea asilimia kama 14 ndipo zitoe 180. Ni nyingi mno, mtandao wa hivyo hata mpira asingeuona. Mimi naelekea zaidi kwenye ukadiriaji. Kampuni nyingine hukata kwa vipande, kila muunganisho unaokwisha unapandishwa hadi kipande kamili. Simu inayofungua na kufunga muunganisho mara nyingi kwa siku inapoteza kidogo kidogo.

Nyuzi
Kidogo kidogo hadi 180 kwa siku mbili? Kipande kikiwa KB 100 na kila muunganisho upoteze nusu yake, unahitaji miunganisho zaidi ya 3,000. Nayo sikubaliani.

Mlachumvi
Wataalamu wawili, majibu mawili, MB zimeliwa. Mimi nabaki na langu.

Mama wa Ofisi Ndogo
Samahani kuingilia. Kisiki, uliwahi kuwasha hotspoti? Mimi orodha yangu ilikuwa inaonyesha GB 1.8 za "Hotspot" na nikasema haiwezekani, natuma barua pepe tu kwenye kompyuta. Kumbe kompyuta ilikuwa inaona ile ni Wi-Fi ya kawaida ikaanza kujisasisha. Simu haikuambii ndani ya hotspoti kulikuwa na nini, inaandika jumla tu. Nilikwenda kwenye kompyuta yenyewe, mipangilio ya mtandao, sehemu ya matumizi ya data, ndiko programu zilikojitaja. Nikaweka ule muunganisho uwe wa kupimiwa, ule wa "Metered connection", ikatulia.

Kisiki
Hotspoti sikuwasha mama. Wala VPN sina, kabla hamjauliza.

Nyuzi
Nilikuwa nauliza hiyo.

Fundi Minara
Tarehe 14 kabla ya saa 10 jioni ulikuwa na bando jingine? Mzunguko wa simu unaanza usiku wa manane, si saa uliyonunua.

Kisiki
La zamani liliisha tarehe 13, data nikazima hadi niliponunua.

Fundi Minara
Basi hilo halituongezei wala kutupunguzia. Ungesema ulikuwa unatumia, pengo lingekuwa kubwa zaidi ya hapo. Swali jingine: GB 3 zote zilikuwa za saa zote? Kuna vifurushi vinatangazwa jumla, ukisoma ndani unakuta sehemu ni ya usiku tu au ya programu fulani tu.

Kisiki
Ujumbe ulisema GB 3 za wiki, za saa zote 24. Nimeusoma tena sasa hivi.

Mzee Kobe
Mimi lilinipata hilo. Bando la mitandao ya kijamii. Nabonyeza habari ndani ya programu, inafunguka ukurasa wa nje, bando halihusiki, linaliwa salio. Nilidhani niko ndani kumbe nimetoka.

Kisiki
Na hilo la salio hamjanijibu. Bando kuisha sawa, mbona na vocha imekwenda?

Jirani Mwema
Bando likiisha data haizimiki yenyewe, labda kama kampuni yako inakata. Inaendelea kwa bei ya kawaida bila kifurushi, na bei hiyo kwa MB ni kali. Ujumbe wa "kimekwisha" nao hauji papo hapo. Ukiwa umelala na simu inapandisha video, salio linakwisha kabla hujafungua jicho. Kampuni nyingine zina namba au kitufe cha kuzuia data isitumie salio, tafuta kwenye menyu yao. Kama hawana, weka kikomo kwenye simu: kwenye ukurasa uleule wa mzunguko kuna onyo la data na kikomo cha data. Kikomo ndicho kinachozima, onyo linakupigia kelele tu. Weka chini kidogo ya bando lenyewe, kwa GB 3 weka 2.6, kwa sababu ya hilo pengo mnalogombania.

Fundi Minara
Kisiki, kwenye taarifa tazama mistari ya tarehe 16 asubuhi. Ile ya bando inaandikwa MB na gharama sifuri. Ya salio inaandikwa MB na kiasi. Mpaka kati yao ndio dakika bando lilipoisha.

Na nyote mnaopima salio kila dakika: kampuni huitengea simu kipande cha MB mapema, kisichotumika kinarudishwa muunganisho ukifungwa. Ukiuliza salio katikati ya matumizi utaona limeshuka kuliko ulivyotumia. Zima data, subiri kidogo, ndipo uulize. Watu wengi wanapiga picha ya skrini wakati huo na kuja nayo humu kama ushahidi.

Mchokozi
Mlachumvi ana picha hizo 40.

Mlachumvi
41.

Salma wa Pwani
Na sisi wa iPhone? Naona "Current Period" na inasema GB 212. Mimi?

Nyuzi
Hiyo "Current Period" haijifuti kila mwezi. Inaanza siku ulipoifuta mara ya mwisho, na kama hujawahi, inaanza ulipoanza kutumia simu. Shuka chini kabisa ya ukurasa kuna tarehe na "Reset Statistics". Iguse siku unaponunua bando. Hapo karibu kuna pia "Wi-Fi Assist", hiyo Wi-Fi ikidhoofika simu inahamia kwenye bando kimyakimya, na pembeni inakuandikia imetumia kiasi gani.

Salma wa Pwani
Imeandika GB 3.4. Asante, nimezima.

Binti Sayari
Nimepata taarifa yangu. Kiasi kilekile, kila siku kati ya 06:00 na 06:10, namba fupi. Ni "dondoo za mapenzi". Sijawahi kujiunga wakuu, naapa.

Mchokozi
Hatujasema kitu dada.

Mzee Kobe
Na dondoo zenyewe zinasaidia?

Binti Sayari
Mzee! 😂 Meseji zilikuwa zinakuja, nilidhani ni matangazo nikawa nazifuta. Nimejitoa kwa namba waliyoandika. Fundi, nitajuaje kama kweli imetoka?

Fundi Minara
Kesho 06:15 angalia salio. Na uliza kampuni kama wana orodha ya huduma ulizosajiliwa, zinaweza kuwa zaidi ya moja.

Kisiki
Nimewauliza kampuni lile la saa. Aliyepokea hajui kama 03:12 ni ya kufungua au kufunga, kasema atanipigia. La 1000 au 1024 hakuelewa swali. Masharti yao nimeyasoma, wameandika "GB" bila kusema zaidi.

Nimenunua jingine dogo la GB 1 leo saa 6 mchana, kikomo nimeweka, picha nimezima. Sasa hivi saa 3 usiku: simu inasema MB 118, kampuni inasema nimetumia 131.

Nyuzi
118 kwa 1024 ni 123.7 kwa elfu. Bado 7.

Fundi Minara
Umezima data kabla ya kuuliza?

Kisiki
Sikuzima. Ngoja nizime nirudie.